Sokoni usiite watu, ita mtu mmoja

Wazee walisema penye wengi hapaharibiki neno, na sisi walimu tunaiandika methali hiyo ubaoni kila mwaka. Watoto wanainakili bila kuuliza. Lakini wamama wanaokaa sokoni wana maswali juu yake, maana wao wameona neno likiharibika mbele ya watu mia.

Mama mmoja wa chama chetu, anayeuza ndizi kando ya barabara, alitusimulia jambo lililotokea mbele ya meza yake siku ya soko. Msichana wa miaka kumi na miwili hivi alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni. Mtoto alikuwa na homa tangu usiku. Ghafla akakakamaa, macho yakapanda juu, mikono ikaanza kurukaruka, povu likatoka mdomoni. Dada yake akamteremsha chini akapiga kelele: «Jamani, tusaidieni!» Watu wakaja mbio. Kwa muda mfupi mduara ulikuwa umefungwa, watu thelathini au zaidi, na wengine nyuma wakisimama juu ya magunia wapate kuona. Ungefikiri msaada umefika.

Mama huyo anakumbuka vizuri maneno yaliyosemwa. Mmoja alisema ni degedege. Mwingine alisema mambo haya si ya hospitali. Mwanamume mmoja alisema kwa sauti kubwa kwamba mtoto apelekwe kituo cha afya, na wote wakaitikia: ndiyo, apelekwe, apelekwe haraka. Mwingine akasema mama yake aitwe. Wakaitikia tena: aitwe. Na mtoto bado yuko chini.

Sisi tunaofundisha sarufi tulicheka kidogo kwa uchungu tuliposikia hayo. «Apelekwe» ni kitenzi kisicho na mtendaji. Anayepelekwa tunamjua, anayepeleka hatumjui. Watu thelathini walikubaliana juu ya kazi, na kazi yenyewe haikuwa na mwenyewe.

Aliyelivunja jambo hilo ni mama mzee muuza chumvi. Hakusema kitu kipya. Alipenya mduara, akanyosha kidole: «Wewe kijana wa pikipiki nyekundu, washa. Wewe mama wa kitenge cha kijani, mbebe huyu mtoto, panda naye. Na wewe mwanafunzi, kimbia kwao ukamwite mama yake, na ukimkosa rudi hapa uniambie.» Kijana aliwasha. Mama wa kitenge cha kijani aliacha mihogo yake bila kuuliza nani ataichunga, akapanda. Mtoto alipimwa, akakutwa na malaria, akatibiwa, akapona.

Kinachotushangaza ni kwamba kijana wa pikipiki alikuwa pale tangu mwanzo. Alikuwa na pikipiki, alikuwa na mafuta, na kwa tabia si mtu mbaya. Mbona hakuwasha kabla ya kunyoshewa kidole?

Swali hilo lina historia. Tarehe 13 Machi 1964, katika mji wa New York, Amerika, msichana aitwaye Kitty Genovese aliuawa usiku karibu na nyumba yake. Gazeti kubwa la mji huo liliandika kwamba watu 38 waliona au kusikia na hakuna aliyesaidia. Miaka mingi baadaye, mwaka 2016, gazeti hilohilo lilikiri kwamba habari ile ilikuwa imetiwa chumvi: wengi walisikia kelele tu bila kujua ni nini, na wako waliojaribu. Lakini wakati ule watu waliamini, na kila mtu alisema watu wa mjini wamekuwa na moyo wa jiwe. Waalimu wawili wa chuo kikuu, John Darley na Bibb Latané, hawakuridhika na jibu hilo. Waliona ni afadhali kupima.

Walichofanya ni hiki, na matokeo waliyatoa mwaka 1968. Walimweka mwanafunzi peke yake katika chumba kidogo, azungumze na wenzake walio katika vyumba vingine kwa kipaza sauti, bila kuonana. Katikati ya mazungumzo, sauti moja inaanza kukwama, inaomba msaada, inasema inashikwa na kifafa, kisha inanyamaza. Sauti hiyo ilikuwa imerekodiwa kabla, lakini mwanafunzi hakujua. Waliohesabiwa ni wale waliotoka chumbani kwenda kuita msaada kabla sauti haijakatika. Mwanafunzi aliyeamini kwamba ni yeye peke yake anayesikia, katika kila 100 walitoka 85. Aliyeamini kwamba kuna mwingine mmoja anayesikia, walitoka 62. Aliyeamini kuna wengine wanne, walitoka 31 tu.

Mgonjwa ni yuleyule, sauti ni ileile, na vijana ni wa chuo kimoja. Kilichobadilika ni hesabu iliyo kichwani mwa msikilizaji: tuko wangapi? Ukiwa peke yako, mzigo wote ni wako, na ukiuacha unajua nani ameuacha. Mkiwa watano, unajiona umebeba sehemu moja ya tano, na sehemu hiyo ni nyepesi kiasi cha kuisahau. Tena unajiambia kwamba bila shaka mwingine amekwisha kwenda. Katika vyumba vile hakuna aliyeweza kuona kama mwenzake ametoka au la.

Jambo moja zaidi la wachunguzi hao tunaliona la maana sana kwa wamama. Walipowafungulia mlango wale ambao hawakutoka, hawakukuta watu wa baridi. Wengi walikuwa wanatetemeka mikono, viganja vina jasho, na swali lao la kwanza lilikuwa: je, yule mwenzetu yuko salama? Basi anayesimama bila kufanya kitu si lazima awe hana huruma. Moyo wake umekwama kati ya njia mbili. Kumtukana hakumsaidii kutoka pale, lakini kumpa kazi kunamtoa.

Sokoni kuna la ziada ambalo halikuwemo katika vyumba vile: tunaonana nyuso. Latané na Darley walilipima pia. Walimweka mtu katika chumba kujaza karatasi, kisha moshi ukaanza kuingia kwa tundu la ukutani. Waliokuwa peke yao, 75 katika 100 walitoka kutoa habari. Lakini mtu akikaa na wenzake wawili walioagizwa watulie wakiendelea kuandika, ni mmoja tu katika kumi aliyetoka. Wengine walibaki wanakohoa na kupunga moshi kwa mkono. Kila mmoja alitazama uso wa jirani apate kujua kama ni hatari, akaona utulivu, naye akatulia.

Sasa fikirini nyuso za sokoni. Anayeuza hujizoeza uso mgumu, maana mteja akiona wasiwasi wako atashusha bei. Nasi wa upande huu wa Masisi na Walikale tumejifunza kwa miaka mingi kutoonyesha hofu barabarani. Uso uliotulia kwetu hauna maana kwamba mambo ni mazuri. Lakini mgeni, au mtoto, au hata sisi wenyewe tukiwa na haraka, tunausoma hivyo. Ndiyo sababu yule wa kwanza kusema kwa sauti «hii ni hatari, mtoto huyu atakufa» anafanya kazi kubwa kabla hata ya kugusa kitu. Anawaruhusu wengine waamini macho yao.

Kuna na hofu ya tatu, na hii ni ya kwetu kabisa: nani atalipa? Anayemfikisha mgonjwa huulizwa jina, huulizwa undugu, na mara nyingine huulizwa faranga. Katika ajali anaweza kudhaniwa ndiye aliyegonga. Hatuwezi kusema hofu hiyo ni ya upuuzi. Ila sheria ya makosa ya jinai ya Kongo, kifungu cha 66 ter, inamhesabia kosa mtu anayekataa kwa makusudi kumsaidia aliye hatarini wakati angeweza kufanya hivyo bila kujihatarisha yeye mwenyewe wala wengine, na inakubali kwamba msaada unaweza kuwa kuuita tu. Hailazimishi mama aruke mtoni. Kupiga simu, kutuma kijana, kusimama barabarani kuzuia magari, yote hayo ni msaada. Na mkienda wawili kumfikisha mgonjwa, kila mmoja ni shahidi wa mwenzake. Mama mzee wa chumvi aliwapandisha wawili, na hatudhani ilikuwa bahati.

Hapa lazima tuseme neno juu ya njia yetu ya Kibua kwenda Mpofi, kwa sababu wageni wakija na habari hizi za watu wanaotazama tu, hukimbilia huko. Kuanzia tarehe 30 Julai mpaka tarehe 2 Agosti 2010, watu wenye silaha walishika vijiji 13 vya njia hiyo, na taarifa ya Umoja wa Mataifa ilihesabu watu 387 waliobakwa, wanawake, wasichana, wanaume na wavulana. Tumesikia mtu akiuliza kwa nini majirani hawakusaidiana. Swali hilo si la haki. Mtu mwenye bunduki kichwani hatazami, naye yumo ndani ya hatari. Anayeficha watoto wake porini amefanya alichoweza. Na aliyenyamaza baadaye kwa aibu au kwa kuogopa kulipiziwa, ukimya wake una sababu nyingine, usichanganywe na ule wa mduara wa sokoni. Waliotenda ndio wenye kosa. Ntabo Ntaberi Sheka, mkuu wa mojawapo ya vikundi vile, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi huko Goma mwezi wa Novemba 2020.

Mahali ambapo hesabu ya «tuko wangapi» inaingia ni pengine, nje ya vijiji. Tarehe 30 Julai ileile, ofisi ya usalama ya Umoja wa Mataifa ilituma onyo kwa wafanyakazi wa misaada kwamba barabara ina watu wenye silaha. Hapa Kibua palikuwa na kambi ya askari wa Monusco. Tarehe 2 Agosti msafara wa askari hao, ukisindikiza magari ya biashara, ulipita Luvungi. Tarehe 6 Agosti waganga wa International Medical Corps walifika huko, na Monusco ilisema ilijua habari ya ubakaji tarehe 12 Agosti. Kila mmoja alikuwa na kipande cha habari. Onyo lililotumwa kwa ofisi nyingi ni kama kelele ya «jamani»: linafika kwa wote, halina jina la anayetakiwa kuinuka. Mwezi wa Septemba, Atul Khare wa Umoja wa Mataifa aliliambia Baraza la Usalama kwamba kulinda raia ni kwanza kazi ya serikali, jeshi lake na polisi, lakini na wao pia wameshindwa. Angalieni jinsi wenye mzigo walivyokuwa wengi katika sentensi hiyo moja.

Jambo lililofuata linafaa kuangaliwa na kila chama cha wamama. Mitandao ya tahadhari ilianza kuundwa katika vijiji vya Kivu: badala ya kutegemea kwamba «watu watasema», wanachaguliwa watu wanaojulikana kwa jina, wana simu, wanajua namba ya kambi, na upande wa kambi kuna mtu anayejua lugha wa kupokea. Si dawa ya kila kitu. Pasipo na mtandao wa simu, jina halifiki popote, na simu ikiita kambini haina maana kwamba askari watatoka. Zaidi ya hayo, anayejulikana kuwa na simu hiyo anaweza kuwindwa. Lakini walau swali «nani aliambiwa?» lina jibu.

Turudi kwenye mambo madogo yaliyo mikononi mwetu. Ukiwa na shida katikati ya watu, usiite «jamani». Chagua mtu mmoja, mtazame machoni. Kama humjui jina, mwite kwa nguo au kwa kitu alichobeba: wewe baba wa kofia, wewe dada mwenye beseni. Mpe kazi moja tu, fupi, yenye mwisho. Ngoja aitike. Kisha mwambie arudi kukuletea jibu, kwa kuwa anayejua atangojewa hapotei njiani. Sisi darasani tunajua hili bila vitabu: ukisema «futeni ubao», ubao unabaki na chaki hadi jioni, ukimtazama wa dawati la pili, unafutwa.

Na kama wewe ni mmoja wa waliosimama, usiamini kwamba mtu amekwenda mpaka upate jina. Uliza kwa sauti: nani amekwenda kituoni? Ukisikia «wamekwenda», uliza tena: nani? «Wamekwenda» bila jina mara nyingi maana yake hakuna aliyekwenda.

Kwa mtoto wa degedege kazi zenyewe si nyingi. Mmoja anamlaza ubavu mahali laini, anaondoa mawe na magunia karibu, anamlegeza nguo shingoni. Mmoja anahakikisha hakuna anayemtia kijiko, kidole, maji wala mafuta mdomoni. Kazi hii inahitaji mtu mkali, maana kila soko lina mwenye kijiko chake. Hakuna kumshikilia kwa nguvu asitetemeke. Mmoja anatafuta pikipiki. Mmoja anatazama saa: mtetemeko ukipita dakika tano ni hatari kubwa zaidi, na mwuguzi atauliza ulidumu muda gani. Hata ukiisha mapema, mtoto mwenye homa huku kwetu anapelekwa siku hiyohiyo. Waliobaki warudi nyuma, mtoto apate hewa.

Sasa, tusiwasingizie watu wengi. Mwaka 2019 wachunguzi walitoa matokeo ya kutazama picha za kamera za barabarani katika miji mitatu, Amsterdam ya Uholanzi, Lancaster ya Uingereza na Cape Town ya Afrika ya Kusini. Walitazama ugomvi 219 uliotokea hadharani. Katika kila kumi, karibu mara tisa kulikuwa na angalau mtu mmoja aliyeingilia kati, na pale watu walipokuwa wengi zaidi, nafasi ya kupatikana msaidizi ilikuwa kubwa zaidi. Hilo halipingani na hesabu za Darley na Latané. Kila mmoja peke yake anapungua nguvu kadiri tunavyoongezeka, lakini wengi wakiwepo, ni rahisi zaidi kuwemo mmoja kama mama wa chumvi. Tena katika ugomvi wa barabarani watu wanaonana, na hatari haifichiki. Wazee hawakukosea kabisa, ila methali yao inangojea mtu wa kwanza.

Chama chetu kimeamua kutongojea. Kila mkutano wa juma, kabla ya kuhesabu faranga za likelemba, tunataja majina mawili ya siku ya soko inayokuja. Mwanzoni lilikuwa jina moja, na ndani ya mwezi wa kwanza tuliona kasoro yake: siku mwenye jina aliposafiri, wengine walitulia zaidi kuliko zamani, kila mmoja akijua kwamba iko ya mtu. Ndiyo sababu yakawa mawili, na asiyekuja anamtuma mtoto kumwambia mwenzake kabla soko halijajaa. Akisikia mwenzake hayupo, wa pili anamwambia muuza chumvi. Namba ya kituo cha afya na ya kijana mmoja wa pikipiki zimeandikwa kwa makaa kwenye ubao wa meza hiyo ya chumvi, upande wa chini mvua isipofika, kwa kuwa siku mbili za soko zilizopita simu ya mwenye jina ilikuwa imezimika.